Talaka Imetoka, Jina Lake Bado Liko Kwenye Mkopo

Dada mmoja wa hapa Jinja, Uganda, alinionyesha hukumu yake ya talaka wiki iliyopita. Jaji ameandika wazi kwamba nyumba ni yake na mkopo wa nyumba ataulipa yeye. Akaniuliza kwa nini benki bado inamtumia aliyekuwa mumewe ujumbe wa rejesho kila mwezi. Nami niliyapitia hayo, kwa hiyo ngoja niyaeleze hapa kwa wote.

Mahakama iliamua kati yenu wawili. Benki haikuwa sehemu ya kesi, na mkataba wake mlitia saini nyote. Kila mmoja wenu anadaiwa deni lote, si nusu yake. Ukikwama kulipa, benki ina haki ya kumdai mtalaka wako hata kama hukumu inasema mkopo ni wako, na jina lake litachafuka kwenye taarifa za mikopo pamoja na lako. Ndiyo maana hakuna fomu ya kufuta jina tu. Benki inakupima upya kana kwamba unaomba mkopo kwa mara ya kwanza, safari hii peke yako.

Kitu cha kwanza watakachotaka ni amri ya mwisho ya talaka. Kwa ndoa za kanisani na za serikali, mahakama hutoa kwanza amri ya awali, na ile ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita. Watu hukimbilia benki na ile ya awali, wanarudishwa, wanadhani wanasumbuliwa. Sababu ipo: kabla ya amri ya mwisho bado ni mke na mume, na Sheria ya Rehani ya 2009 inaitaka benki ipate ridhaa ya mwenzi kabla ya kuweka rehani nyumba ya familia. Kwa sisi Waislamu, peleka cheti cha talaka kilichosajiliwa. Lakini cheti hicho hakisemi nyumba ni ya nani, kwa hiyo kiambatanishe na makubaliano ya mali yaliyoandikwa na kusainiwa na nyote wawili mbele ya wakili.

Halafu inakuja hesabu ya mshahara, na hapa ndipo wengi hukwama. Salio letu lilikuwa shilingi milioni 48, riba asilimia 16, imebaki miaka mitano. Rejesho lilikuwa kama 1,167,000 kwa mwezi. Mshahara wangu, baada ya kodi na NSSF, ulikuwa 1,900,000, na benki yetu hairuhusu rejesho lipite nusu ya mshahara unaobaki mkononi, yaani 950,000. Kwa mishahara miwili tulitosha, lakini kwa wangu pekee ombi lingekataliwa. Tulirefusha muda hadi miaka minane, rejesho likashuka hadi kama 889,000 na ombi likapita. Gharama yake uijue mapema: kwa miaka mitano ningelipa jumla ya takriban milioni 70, kwa minane ni zaidi ya milioni 85. Mimi nililikubali hilo kwa sababu nilitaka watoto wabaki pale pale. Usipotosha hata kwa kurefusha, tafuta mdhamini mwenye kipato, au uzeni nyumba kwa idhini ya benki mlipe deni mgawane kinachobaki. Karatasi ya mtalaka wako kuahidi kukulipia isikutulize, maana ahadi hiyo inamfunga yeye kwako tu, haiifungi benki.

Ukipitishwa, hati miliki nayo lazima ibadilike. Kama iko kwa majina mawili, fomu za uhamisho zinasainiwa na nyote na kupelekwa ofisi ya ardhi, na rehani mpya inasajiliwa kwa jina lako. Ushuru wa stempu kwenye rehani wakati ule ulikuwa asilimia 0.5, kwangu 240,000. Uhamisho wenyewe una ushuru wake mkubwa zaidi, na kuna mthamini na wakili wa kulipa. Msipatane wakati huu, kila kitu kitasimama, kwa hiyo saini zake zipate mapema, wakati bado mnaongea.

Akaunti ya pamoja ni nyepesi zaidi: kwa kawaida huondoi jina moja, mnaifunga yote kwa saini mbili na kila mtu anafungua yake. Mkiwa hamuelewani, iandikie benki barua mara moja kuomba pesa zisitoke bila saini za wote wawili. Hakikisha kwanza rejesho la mkopo limehamishiwa akaunti yako mpya, la sivyo benki itakuta akaunti iliyofungwa na kukuhesabu umechelewa kulipa.

Mwisho, dai barua ya benki inayosema kwamba mtalaka wako ameachiliwa kutoka wajibu wote wa mkopo ule, kwa namba ya mkopo. Barua ya "tumesasisha taarifa" haitoshi. Nakala moja apewe yeye. Baada ya mwezi au miwili, kila mmoja aombe taarifa yake kwenye kampuni ya taarifa za mikopo: kwake mkopo ule uonekane umefungwa, kwako uonekane mpya. Ukikuta bado uko wazi kwake, rudi benki na barua ile mkononi, na lalamiko lako uliweke kwa maandishi. Wasipolishughulikia, lipeleke Benki Kuu ya Uganda.