Elfu kumi na tano za kila Jumanne

*Bi Somo, shikamoo. Mimi mkulima wa mwani huku Micheweni, Pemba, na ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake watano tunaokopa kwa dhamana ya pamoja. Wifi yangu, ambaye kaachika na anaishi kwa mama mkwe, nilimwingiza mimi mwenyewe. Disemba alichukua 600,000, marejesho 30,000 kila Jumanne kwa wiki 24. Mimi sikuchukua, nilikuwa sijamaliza mkopo wangu wa nyuma. Siku ile tulikwenda naye Wete, yeye akanunua kamba za mwani, mimi nikanunua bati 12 za kibanda changu. Kalipa wiki tisa, kisha kaacha kuja mkutanoni. Na sikumtupa: tangu mwanzo nikimsaidia 15,000 kila wiki mpaka nikachoka. Sasa wenye mkopo wamechukua akiba yake 60,000, na sisi wanne tumelipishwa 97,500 kila mmoja. Tumekwenda kwake tukachukua cherehani. Mume wangu badala ya kumkemea dada yake ananambia "mnajuana wenyewe", na leo siku ya kumi hasemi nami. Nafikiri kudai talaka, maana kachagua dada. Nifanyeje?*

*Mwenyekiti niliyedhulumiwa*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hizo 97,500. Kwa mtu anayeshinda ndani ya maji ya kiuno akifunga mwani, si fedha ndogo. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia nakwama pale pale.

Elfu kumi na tano. Mtu anayemsaidia wifi yake humpa leo elfu tano, keshokutwa kibaba cha mchele, wiki nyengine hana kitu anampa pole tu. Wewe umetoa kiwango kile kile, kila Jumanne, tangu wiki ya kwanza, kabla hata hajaharibikiwa. Na 15,000 ni nusu kamili ya 30,000. Hiyo haikuwa sadaka, bibi. Hayo yalikuwa marejesho yako.

Halafu kuna bati. Mkopo wa nyuma hujaumaliza, kwa hiyo huwezi kupewa mwengine, lakini siku ya wifi kupokea fedha ndiyo siku uliyonunua bati 12. Kama nimekosea, chana safu hii ufungie bajia. Ila sidhani. Ninavyoona, laki sita ile mligawana nusu kwa nusu, jina likabaki la wifi peke yake. Umekopa kwa mgongo wa mtu, na ulipochoka ukamwachia mzigo, ukaja kunililia mimi kuwa umedhulumiwa.

Nikueleze kwa nini jambo hili ni baya kuliko unavyolichukulia. Wanaokukopesheni hawakuchukua hati ya nyumba wala mikarafuu ya mtu. Walichokitegemea ni kwamba wanawake watano wanajuana, na hakuna atakayekubali kumdhamini asiyelipika. Afisa wa mikopo anakuja siku ya mkutano, anahesabu, anaondoka. Macho yake ndani ya kijiji ni nyinyi, na kwanza kabisa ni mwenyekiti. Ulipoulizwa kama unamjua huyu, ukasema unamjua. Wale wenzenu watatu wakatia saini wakidhani laki sita yote inakwenda kwenye kamba na mwani. Kumbe nusu imeezeka kibanda, na kibanda hakirejeshi kitu Jumanne.

Hata kwa nusu iliyobaki, tazama wifi alikuwa amesimama wapi. Mwani hufungwa kwa bamvua, ukakaa majini kama wiki sita, ukavunwa, ukaanikwa, ndipo mnunuzi apime. Marejesho yanaanza Jumanne inayofuata. Basi wiki zile za mwanzo mtu analipa kwa nini? Analipa kwa mkopo wenyewe. Anachukua fedha kwa mkono huu na kuirejesha kwa mkono ule, pamoja na riba juu, na kikundi kizima kinampigia makofi kuwa ni mlipaji mzuri. Kulipa kwa wakati mwezi wa kwanza hakukuonyeshi kitu. Mtu aliyekwama utamjua kwa mengine: anamtuma mtoto na fedha, anachelewa kwa sababu alikuwa akizunguka nyumba za watu kuazima, na akifika anatoa noti ndogo ndogo zilizokunjwa. Wewe ulikaa mbele na daftari. Usiniambie hukuziona.

Na mkopo wenyewe kachukua Disemba, kaskazi ndiyo inaingia, bahari inapata moto na mwani unageuka mweupe na kukatika. Chukulia mnunuzi anatoa 700 kwa kilo. Elfu thelathini ni kilo 43 za mwani mkavu kila wiki, na kilo moja mkavu hutokana na kilo saba au zaidi za mbichi. Hizo ni zaidi ya kilo 300 za kubeba kutoka majini kila wiki ya Mungu, kwa mwanamke mmoja, katika msimu ambao mwani unakufa. Hata nusu yake ni kazi. Hesabu hii ilikuwa uipige wewe kabla ya yeye kutia saini, maana kilimo unakijua kuliko afisa.

Sasa nakuuliza: ni yeye aliyeacha kwanza, au ni wewe uliyechoka kwanza? Unajua mikutano yetu. Haondoki mtu mpaka hesabu itimie. Mwanamke mwenye 15,000 mkononi na deni la 30,000 atakaa pale mbele ya wenzake hadi jua lichwe, aulizwe nusu nyengine iko wapi. Aseme iko kwa mwenyekiti? Aseme iko kwa mke wa kaka yake? Akaona bora asije. Nyinyi mnaita hiyo jeuri, mimi naita stara. Angefungua mdomo, ndoa yako ingekuwa gumzo kila bandani. Kaachika, anaishi kwa mama yake, kachukuliwa cherehani mbele ya majirani, na bado kakuficha. Nyani haoni kundule, lakini wifi yako aliliona lako na akalifunika kwa kanga yake.

Mume naye hajachagua dada. "Mnajuana wenyewe" si neno la mtu asiyejua, ni la mtu anayejua na anasubiri useme wewe. Bati anaziona kila akitoka uani. Siku kumi kakaa kimya, hajakupiga, hajakutangaza, na wewe unataka talaka! Ndoa za siku hizi zimekuwa hivyo. Mume ana simu yake na madeni yake, mke ana simu yake na madeni yake, wanakutana kwenye sinia tu. Mimi sisemi mume ashike pochi yako. Marehemu wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua kilichokuwamo kwenye kopo langu la uvunguni, na tuliishi vizuri. Lakini kopo lile lilikuwa na akiba. Deni halifichiki uvunguni, lina miguu, linatoka lenyewe kwenda kwa mama mkwe. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo hayaliwi na mmoja. Na Kitabu kimetuamrisha tuandikiane tunapokopeshana kwa muda. Nyinyi mmegawana laki tatu tatu bila hata karatasi ya maandazi.

Hesabu yenu basi hii hapa, nimeifanya kwa kalamu. Wiki 24 kwa 30,000 ni 720,000. Imelipwa 270,000, imebaki 450,000. Nusu ni yako, 225,000, na nusu ni ya wifi. Yeye akiba yake ya 60,000 imeshachukuliwa, kwa hiyo anadaiwa 165,000. Wewe umeshatoa 97,500, kwa hiyo unadaiwa 127,500. Ukizijumlisha unapata 292,500, ambayo ndiyo hasa waliyotozwa wale wanawake watatu ambao hawakula hata shilingi. Waliodhulumiwa ni wao, na barua yako haikuwataja hata kwa neno moja.

Kwa hiyo wewe utampa kila mmoja wao 42,500. Wifi atampa kila mmoja 55,000. Hesabu imekwisha, kila mtu karejeshewa 97,500 yake. Chako toa kwanza, tena kwa mkupuo, hata ukiuza mbuzi. Cha wifi mkubaliane kwa mavuno, atoe kila bamvua la kuvuna, wala si kila wiki, na safari hii muandikiane mbele ya sheha. Kwa wenye mkopo deni limekwisha, hawana haja na maneno yenu. Lakini kwa wale watatu halijakwisha, na hao ndio wa kuamua kama kikundi kitasimama tena.

Uenyekiti uache mwenyewe kabla hujaondoshwa. Atakayeshika daftari baada yako awe na ruhusa ya kwenda kutazama mkopo wa mtu umekuwa kitu gani wiki ile ile ya kupokea: kama ni kamba, azione kamba.

Na kama wenzako hawataki tena mambo ya Jumanne, wafikirie sanduku la hisa, kama vile vikundi vilivyoanza Jozani kule Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fedha ni zao wenyewe, kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na kawaida mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya alichoweka. Wifi mwenye akiba ya 60,000 hapo angeishia 180,000. Asingepata laki tatu ya kamba, wala wewe usingepata laki tatu ya bati. Lakini hata sanduku litavunjika ikiwa mwenye daftari anakopa kwa jina la mwengine, kwani kufuli haimjui mwizi mwenye ufunguo.

Cherehani hamkuwa na haki ya kuichukua. Hakuiweka rehani na hakuna mahakama iliyosema. Tena ndiyo inayoweza kumletea hiyo 165,000 wakati bahari imeharibika, maana Ramadhani na sikukuu watu hushona. Irudishe usiku huu, wewe mwenyewe kwa kichwa chako, usimtume mtoto. Mwambie mumeo mwende pamoja. Njiani mweleze habari ya bati, na ukifika kwa wifi anza wewe kusema kabla hajakukaribisha kitako.