Dalali anataka kodi ya mwezi mzima

"Nimepata chumba na sebule Tabata, 250,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Dalali anataka hela yake leo ndipo anikutanishe na mwenye nyumba. Ni sawa?"

Hapana ndugu yangu, usitoe leo. Kwa Dar, mpangaji ndiye anayemlipa dalali, na mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Hapo hajakuonea. Kosa lake ni muda. Hela ya dalali inaiva siku unapokabidhiwa funguo: umeonana na mwenye nyumba, mkataba umesainiwa, kodi umemlipa yeye mwenyewe. Kwa hiyo andaa 1,500,000 ya mwenye nyumba na 250,000 ya dalali, jumla 1,750,000, lakini kila moja iende mkononi mwa mwenyewe.

Leo anachoweza kukudai ni ile ya kuonyeshwa nyumba, elfu kumi au ishirini hivi, na hiyo hairudi hata usipokipenda chumba. Mimi niliwahi kutoa laki moja "ya kushikilia nyumba". Nilipofika na mizigo, mama mmoja alikuwa anaanika nguo barazani, ana mkataba wake, na simu ya dalali haipatikani.

Wakitokea madalali wawili, wagawane hiyo hiyo 250,000. Usikubali kila mmoja achukue yake. Na miezi sita ikiisha, unaongeza mkataba na mwenye nyumba moja kwa moja. Dalali hana chake tena hapo, labda kama uliwahi kukubali kwa maandishi.