Lori la milioni 80: uchakavu uingie wapi kwenye hesabu?

*Swali: Kampuni yetu ya mbao, Mafinga, inataka kununua lori la tani 10, la kwanza kwetu, kwa sh. milioni 80. Tukiacha kukodi tutaokoa milioni 28 kwa mwaka baada ya mafuta, dereva na matengenezo. Baada ya miaka 4 tutaliuza milioni 25. Nimekata kodi ya 30% na kutumia riba ya 15%. Uchakavu nimeuacha kwa kuwa si fedha inayotoka. Nimepata hasara ya karibu milioni 9.7. Tuachane nalo?*

Msiachane nalo bado. Ni kweli uchakavu hautoki mfukoni, lakini kodi inatoka, na uchakavu ndio unaoipunguza. Hiyo ndiyo ngao ya kodi.

Tumia viwango vya sheria ya kodi, si vya vitabu vyenu. Kwa Tanzania lori zito liko kundi la pili: 25% ya salio linalobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza uchakavu ni milioni 20. Faida inayotozwa kodi inabaki 28 − 20 = 8, kodi yake ni 2.4, nanyi mnabaki na 25.6. Ulivyopiga wewe, mlibaki na 19.6. Tofauti ya milioni 6 ni 30% ya ule uchakavu.

Mwaka wa pili uchakavu ni 15 na ngao 4.5, wa tatu ni 11.25 na ngao 3.375. Mwaka wa nne ndio huwapoteza wengi. Mkiliuza kabla mwaka haujaisha, na hamna kifaa kingine katika kundi hilo, kundi linafungwa. Hamkati tena 25%, bali mnatoa bei ya mauzo kwenye salio: 33.75 − 25 = 8.75. Hiyo yote inapunguza faida, kwa hiyo ngao ni 2.625.

Mtiririko wa fedha baada ya kodi, kwa milioni:

```
Mwaka 0   -80.000
Mwaka 1    25.600
Mwaka 2    24.100
Mwaka 3    22.975
Mwaka 4    47.225
```

Mwaka wa nne umebeba na ile 25 ya mauzo. Ukivirudisha thamani ya leo kwa 15%, vinafika milioni 82.6. Toa 80, unabaki na ziada ya karibu 2.6. Ngao peke yake ina thamani ya leo ya milioni 12.3, ndiyo iliyougeuza uamuzi.

Ziada hiyo ni nyembamba, kwa hiyo angalieni mambo mawili. Kwanza, ngao inafanya kazi mwaka ule ule ikiwa biashara yenu ya mbao ina faida ya kutozwa kodi. Mkiwa na hasara, nafuu inasogea mbele na thamani yake inapungua. Pili, mkiwa na lori au mashine nyingine kundi hilo hilo wakati wa kuuza, kundi halifungwi: bei ya mauzo inapunguza salio la pamoja, na ile 8.75 mtaikata kidogo kidogo kwa miaka mingi.