Usichape hiyo mokapu: kona ya nyuma itakula namba yako ya simu

> Wakuu, nimenunua HiAce ya kusambaza maji, Malindi mpaka Watamu. Kijana wa grafiki amenitumia mokapu, jina na namba ya simu zimetanda upande mzima hadi mwisho wa gari, imependeza kweli. Naomba ushauri: rangi gani haipauki na jua la huku, nibandike pande zote au mmoja, na bei ya haki ni ngapi? Kuchapa ni Jumatatu.

Simamisha hiyo Jumatatu. Mpigie fundi sasa hivi kabla hajaingiza karatasi mashineni, kisha rudi usome.

"Hadi mwisho wa gari." Hayo maneno ndiyo yaliyonitoa kitandani kuandika. Gari halina mwisho pale unapouona kwenye picha. Lina kona, na kona ya HiAce inazunguka kuelekea mlango wa nyuma. Kwenye picha ya ubavu ile kona ni kipande chembamba kilicholala kama ukuta, na kijana ameweka herufi juu yake bila wasiwasi. Kijana wangu naye alinifanyia vivyo hivyo. Mimi nasambaza mikate kwenye mahoteli na maduka, Malindi, Gede, mpaka Mambrui. Namba yangu inaishia na 0. Iliishia, niseme, kwa sababu baada ya kubandika wateja walikuwa wanasoma 1, na mzee mmoja asiyenijua wala kunidai alikuwa akiamshwa alfajiri kuulizwa habari za mikate. Aliponipata hatimaye aliniuliza kama na yeye atapewa mshahara.

Ngoja nikuonyeshe hesabu yake, maana nilipolalamika niliambiwa "kompyuta haikosei". Chukua kona ya bati iliyozunguka robo duara, nusu-kipenyo sm 15. Ukiipima kwa ile tepu laini ya fundi cherehani, ukiilaza juu ya bati, unapata kama sm 23.5. Lakini mtu aliyesimama ubavuni anaona sm 15 tu. Na hizo sm 15 hazigawanyiki sawasawa. Nusu ya kwanza ya mzunguko, takriban sm 12 za bati, anaiona karibu yote, kama sm 10.5. Nusu ya pili, sm 12 nyingine za bati, anaiona sm 4 na nusu hivi.

Sasa iweke 0 yenye upana wa sm 12 kwenye hiyo nusu ya pili, na mistari yake iwe minene sm 3 kila upande. Mstari wa kushoto utaonekana kama sm 2. Tundu la katikati, nalo sm 2 na kidogo. Mstari wa kulia, ule unaoifunga 0 ikawa 0, utaonekana milimita 3. Nilikwenda nikasimama upande wa pili wa barabara nikatazama mwenyewe: kimesimama kijiti kimoja cheusi, basi. Ungekuwa wewe ungepiga 1 pia.

Kwenye mokapu 0 ilikuwa nzima, nono, inang'aa. Kwa nini? Kwa sababu aliibandika juu ya picha, hakuibandika juu ya bati. Kwenye Photoshop akatia safu ya Multiply ili vivuli vya gari vipenye kwenye maandishi, akapitisha Displace, na jicho langu likakubali kuwa maandishi "yamekaa" kwenye gari. Multiply inaleta vivuli tu. Displace inasukuma picha kufuata mwanga na giza la picha nyingine, haijui bati limejikunja wapi. Gari jeupe, jua la saa sita, kona na paneli vyote vinang'aa sawa: hapo Displace itasukuma nini? Ni vipodozi. Mimi sikatai vipodozi, lakini usipimie nguo mtu kwa picha yake ya harusi.

Na wala picha yenyewe haikuwa ya gari langu. Alipakua templeti mtandaoni imeandikwa HiAce, akaridhika. HiAce hii ya kizazi cha 2004 ipo ya kawaida, urefu mm 4695 na upana mm 1695, na ipo ndefu pana, mm 5380 kwa 1880. Kati ya gurudumu na gurudumu moja ni mm 2570, nyingine 3110. Yangu ya kawaida, templeti ya ndefu. Kwa hiyo alikuwa na zaidi ya nusu mita ya nafasi isiyokuwepo duniani, na alipoibana ikae, ikasukumwa wapi? Konani. Mwulize kijana wako swali moja tu: kati ya magurudumu mokapu yake inasoma ngapi? Akianza kukuna kichwa, umeshajibiwa.

Kanuni yangu ni hii, na nitaisema mpaka mnichoke: maeneo ya logo yapimwe kwenye bati kwanza, mokapu ifuate. Kamwe usianzie kwenye picha.

Inafanyika hivi. Osha gari, liegeshe mahali tambarare. Chukua rula ya alumini ya mita moja, au ubao wowote ulionyooka kweli, uulaze kwenye paneli ukiusogeza kuelekea nyuma. Katikati ya paneli utakaa karibu kugusa kote. Ukikaribia kona utaona mwanga unaanza kupenya chini ya ncha. Pale unapoanza kupenya, weka alama. Fanya juu, katikati na chini, kwa sababu kona haianzii mstari mmoja; ubavu wenyewe umeinama kwa ndani kadiri unavyopanda juu. Unganisha alama kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Huo ndio mpaka wa maandishi yako. Rangi ya chini, mawimbi, matone ya maji, chochote kisichosomwa kinaweza kuvuka kikazunguka hadi nyuma. Herufi na tarakimu, hapana. Bati likishageuka nyuzi 60, herufi inaonekana nusu ya upana wake, na ubingwa wa fundi hauwezi kuirudisha.

Kisha zungushia tepu vitasa, mfereji wa reli ya mlango wa kusukuma, kifuniko cha mafuta na nyufa za milango, ukiacha kama sm 5 kila upande. Kilichobaki ndani ya tepu ndiyo nafasi yako halisi, na utashangaa ilivyo ndogo. Mimi nilidhani nina ubavu mzima, kumbe nilikuwa na mstatili mmoja wa maana na vipande vya kuwekea salamu.

Ndani ya nafasi hiyo, na kuvuka kidogo kwenye kona, chora miraba ya sm 10 kwa tepu nyembamba. Sogea mbali, mita nane au kumi, uvute kwa zumu, simu ikiwa usawa wa katikati ya paneli. Ukipiga ukiwa mita mbili lenzi ya simu inatunisha katikati na kuficha kona, na hapo umerudi kulekule. Picha hiyo ndiyo umpe kijana. Aweke maandishi kama kitu kimoja, kisha kwa Warp avute kila mraba wa mchoro uangukie mraba wake wa tepu kwenye picha. Miraba ya konani itakuwa imesinyaa, na herufi yoyote iliyoko pale itasinyaa nayo mbele ya macho yako, bure, kabla hujalipa chochote. Kijana wa pili niliyemtumia ndivyo alivyofanya, na 0 yangu ikageuka kijiti kwenye skrini. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jambo la mlango nililisahau, na wewe wa maji utaufungua kutwa. Kwenye hizi za kutoka Japani mlango wa kusukuma uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ndiko wateja waliko. Ukifunguliwa unarudi nyuma na kufunika paneli ya nyuma. Mimi niliandika kwa fahari HAKUNA MKATE KAMA HUU. HAKUNA MKATE ilikuwa mlangoni, KAMA HUU paneli ya nyuma. Kila nikisimama dukani na kufungua, gari lilitangaza HAKUNA MKATE, nami nimeshika kreti nzima mkononi. Watoto wa Maweni hawajanisamehe hadi leo.

Upande wa kulia haukuniumiza sana, na hilo linafundisha kitu. Kulia maandishi yanaanzia nyuma, kwa hiyo kona ilikula 0 ya mwanzo, ambayo kila Mkenya anaijua hata akiwa usingizini. Kushoto ilikula ya mwisho. Namba ileile, gari lilelile. Kwa hiyo usikubali kijana "akageuze tu" mchoro wa upande mmoja. Kila upande na tepu zake.

Kurekebisha ndiko kulikonitoa pesa. Nilidhani nitabandua 0 moja. Lakini namba ilichapwa pamoja na rangi ya chini inayofifia taratibu, kipande kimoja, kwa hiyo ubavu mzima ulitoka na mwingine mzima ukachapwa. Duka la stika likasema si kosa lao, wao wamechapa walicholetewa. Mchoraji akasema si kosa lake, yeye alichora nikakubali. Wote wawili walisema kweli na wote wawili walilipwa. Tena walikuwa wamepitisha stika ya bei nafuu juu ya ule mfereji wa reli na kuisukumia ndani kwa hita. Stika iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na jua la huku linaisaidia; baada ya muda mfupi ilinyanyuka mferejini ikabaki inaning'inia. Safari ya pili niliwaambia waikate kwenye kingo za mfereji, ndani paachwe rangi ya gari. Imekaa.

Kama namba yako ni ndefu kuliko mstatili uliobaki, ipunguze urefu wa tarakimu au ipeleke kwenye mlango wa nyuma, palipo bapa na ambapo anayekufuata kwenye foleni ya kuingia sokoni ana muda wa kuiandika. Usiibane konani kwa kuwa "inabakia kidogo tu".

Habari za rangi na bei wapo humu wanaojua kuliko mimi. Wewe kesho asubuhi weka tepu, kisha tupia hapa picha ya kona ya nyuma ya kushoto, iliyopigwa kutoka mbali, na uandike namba yako inaishia na tarakimu gani.