Hisa ya elfu 10 kuuzwa elfu 25, ni riba?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane hapa Bombo, marehemu ameniachia milioni 10 na watoto wanne. Kampuni ya kinu cha kahawa hapa karibu inauza hisa, kwenye karatasi imeandikwa 10,000 lakini wanataka 25,000. Ustadhi mmoja kaniambia hiyo 15,000 ya juu ni riba wazi, bora nichukue dibencha zao, yaani hati za kuikopesha kampuni, za asilimia 15 kwa mwaka maana hapo pesa haipotei. Nifanye nini?

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu, Allah amrehemu mzee na awatunze hao watoto. Swali lako limeniuma, kwa sababu umekatazwa penye halali ukaelekezwa kwenye riba yenyewe, tena kwa pesa ya mayatima.

Ile 10,000 ni namba waliyoiandika waanzilishi siku wanasajili kampuni, haikuambii leo hisa ina thamani gani. Tuseme walianza na hisa 2,000, yaani mtaji wa milioni 20. Leo wana kiwanja, mashine, stoo ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, na ukitoa madeni yote kampuni inabaki na milioni 52, kwa hiyo kila hisa ya zamani ina mali ya 26,000 nyuma yake. Sasa wakitoa hisa 1,000 mpya kwa 10,000 kila moja, mali inakuwa milioni 62 juu ya hisa 3,000, na mwenye hisa ya 26,000 anaamka nayo 20,600 na kitu, zaidi ya milioni 10 na nusu ya jasho lao imewaendea wageni bure. Wakiuza 25,000 mali inakuwa milioni 77, kila hisa 25,600 na kitu, hakuna aliyedhulumiwa. Hiyo ziada haiingii mfukoni mwa mkurugenzi, milioni 10 inaandikwa mtaji wa hisa na milioni 15 inakaa kwenye akaunti ya premiamu, na sheria ya kampuni hapa Uganda hairuhusu wagawane kama faida.

Ustadhi anasema pesa kwa pesa na nyongeza. Lakini wewe hununui noti za 10,000, unanunua fungu katika kinu na kiwanja! Baraza la Fiqhi la Jeddah mwaka 1992 liliruhusu hisa mpya kutolewa kwa thamani halisi ya zile za zamani au kwa bei ya soko. Hoja ya ustadhi ingekuwa na nguvu kama kampuni ingekuwa bado changa, haina kitu ila pesa benki, hapo kulipa 25,000 kwa fungu la 10,000 taslimu kweli kuna tatizo.

Dibencha sasa. Ukitoa milioni 10 kwa asilimia 15 wanakulipa milioni 1 na laki 5 kila mwaka, kahawa ipande ishuke, kinu kiungue, na mwisho milioni 10 yako inarudi. Huna kura, huna fungu, wewe ni mdai tu, kampuni ikifa unalipwa kabla ya wenye hisa, na mara nyingi mashine imewekwa rehani kwa ajili ya deni hilo. Huo ni mkopo wenye nyongeza ya sharti, na Baraza hilohilo liliukataza mwaka 1990 kwa jina lolote utakaopewa. Mwenye hisa hapati gawio mpaka faida ipatikane, na akipoteza anapoteza alichoweka. Hiyo hatari ndiyo inayohalalisha faida yake, na ustadhi ameiona kama aibu.

Lakini dada, usikimbilie kulipa. Kampuni inayouza dibencha inalipa riba, na ukiwa na hisa utakuwa mmoja wa walipaji, na Baraza limesema asili ya kuingia kampuni ya namna hiyo ni haramu hata kama kazi yake ni kahawa. Nenda kwa wakurugenzi, ni majirani zako, waambie wafute dibencha, pesa hiyo waitafute kwa mudharaba, yaani mwenye pesa atoe mtaji na faida wagawane, au kwa hisa zaidi. Wakikataa, acha.

Wakikubali omba hesabu zilizokaguliwa uone kama hiyo 25,000 ina mali nyuma yake, maana bei bila hesabu ni maneno tu. Usiweke milioni zote 10, ada ya shule haingojei gawio. Na uulize utauzaje hisa ukikwama, kwa sababu kwenye kampuni binafsi wakurugenzi wanaweza kumkataa mnunuzi wako, halafu ukilipa hakikisha jina lako limeingia kwenye rejista ya wanachama na umepewa cheti cha hisa, risiti peke yake haitoshi.