Unga uleule, usiku uleule: kwa nini kaka yangu alinasa nami sikunasa

Tulivuta heroini kwenye pakiti moja, usiku mmoja. Mimi nilikuwa na miaka 23, kaka yangu 27. Nilitapika, nikawashwa mwili mzima, nikaamka kesho yake nikijiapiza sitaugusa tena unga. Kaka aliegemea ukuta, akafumba macho, kisha akasema, "Kumbe wenzangu siku zote hujisikia hivi." Sikulitilia maanani neno lile. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kuamka na arosto ya kukosa unga, jasho na maumivu ya mifupa, akitafuta pesa kabla ya kunawa uso.

Sote tulilelewa na methali ya mchovya asali hachovyi mara moja. Kwa dawa za kulevya methali hiyo inaonya vizuri lakini haisemi kweli. Wengi huchovya wakaacha. Utafiti mkubwa wa kaya za Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliwauliza watu wa miaka 15 hadi 54 walichowahi kutumia na kama kiliwahi kuwatawala. Kati ya kila watu 100 waliowahi kutumia heroini, 23 waliishia kuwa tegemezi. Kokeini ilikuwa 17, pombe 15, bangi 9. Iliyoongoza ilikuwa tumbaku, 32, na hiyo inauzwa mchana kweupe.

Zisome namba hizo kwa uangalifu. Watafiti walikuwa wakibisha hodi majumbani, na mtu anayelala barazani au aliyekwisha kuzikwa hana mlango wa kubishiwa. Pia zinahesabu uraibu tu. Mtu anaweza kufa kwa kuzidisha kipimo siku ya kwanza kabisa, na siku hizi, unga unapochanganywa na fentanili, dawa ya maumivu iliyo kali kuliko heroini, bila mnunuzi kujua, hatari hiyo haimsubiri mtu awe teja.

Hata hivyo swali linabaki. Ikiwa 23 hunasa, wale 77 wana nini?

Jibu lililonifungua macho linatokana na vita vya Vietnam. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kuwa askari wake wengi kule wanatumia heroini, iliyokuwa safi, rahisi na ya kuvutwa. Ikaamriwa kila anayerudi apimwe mkojo kabla ya kupanda ndege. Mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliorejea Septemba mwaka huo. Alikuta kuwa karibu nusu walionja heroini au kasumba wakiwa vitani, na takriban mmoja kati ya watano alifikia hali ya utegemezi. Kila mtu alitarajia miji ya Marekani ijae mateja. Badala yake, kati ya wale waliokuwa waraibu kule, asilimia 5 tu ndio walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Hata baada ya miaka mitatu, waliokuwa wamerudia, japo kwa muda mfupi, walikuwa asilimia 12. Na si kwamba heroini haikupatikana, maana baadhi yao waliitumia tena nyumbani bila kunasa.

Watu hupenda kuihitimisha hadithi hii hapo kwa kusema kuwa mazingira ndiyo kila kitu. Ni kweli kwamba kilichoondoka ni mengi: hofu, uchovu wa kusubiri, wenzako wanaovuta, muuzaji aliye hatua chache kutoka kambini. Lakini Robins aliangalia pia maisha yao ya kabla ya jeshi. Waliopata taabu zaidi baadaye walikuwa hasa wale walioingia jeshini tayari wakiwa na misukosuko: walioacha shule, waliokamatwa na polisi, walioanza ulevi na dawa mapema. Vita viliwakuta na ufa.

Ndipo nikarudi kumtazama kaka.

Tofauti ya kwanza kati yetu ni umri. Yeye alianza pombe akiwa na miaka 13, mimi 20. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 1997, ulionyesha kuwa kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu 40 katika kila 100 walipata utegemezi wa pombe katika maisha yao, wakati kwa walioanza wakiwa 20 au zaidi walikuwa kama 10. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu na kupima matokeo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Lakini kuna pia watoto wanaoanza mapema kwa sababu nyumbani tayari kunawaka, kwa hiyo umri peke yake usibebeshwe lawama yote.

Kwetu kuliwaka kweli. Baba alikuwa mlevi na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipofariki nilikuwa na miaka 4, sikumbuki hata kofi moja. Kaka alikuwa na 8, anakumbuka yote. Watu wakisikia kuwa uraibu hurithiwa hudhani ndugu wa tumbo moja wana hatari sawa. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti baina ya watu hutokana na urithi, lakini hakuna jeni moja ya uteja. Zipo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na ndugu wawili hugawiwa tofauti. Juu ya hapo kaka alibeba kipigo na mimi sikubeba.

Nikalielewa hatimaye neno lake la usiku ule. Mimi nilikuwa nafuata raha, nikapata kichefuchefu. Yeye alipata nafuu ya kitu kilichokuwa kikimuuma tangu utotoni. Katika miaka yangu ya kukaa na waraibu kwenye vikundi vya kupona nimesikia sentensi kama ile mara nyingi, na kila mara hunishtua zaidi ya habari za kiasi alichotumia mtu. Ukijisikia umelewa, hiyo ni hali moja. Ukijisikia umepona kwa mara ya kwanza, usirudie, na utafute daktari wa akili wa kuangalia kama una sonona, wasiwasi au jeraha la zamani. Hilo linatibika kwa njia nyingine.

Kisha kaka alianza kujidunga, na hapo mwendo ukabadilika. Dawa inayofika kwenye ubongo kwa sekunde chache, kwa moshi au sindano, hufunga ndoa na tamaa haraka kuliko iliyomezwa.

Leo ana miaka sita kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na anafanya kazi. Mwanawe ametimiza 15. Simwambii kwamba akionja mara moja amekwisha, kwa sababu ana marafiki waliovuta bangi na hawakuwa mateja. Angejua nadanganya, na nikija kusema la kweli asinisikilize. Nimemwambia kuhusu babu yake, baba yake na ile miaka 13.

Akafikiri, akauliza, "Sasa baba mdogo, wewe ulijuaje kama hutanasa?"

Nikamjibu kuwa sikujua. Nilijua baada ya kutapika.