Kuwaalika wazazi Ujerumani: barua, hoteli na ratiba visomeke kitu kimoja

Swali: "Wakuu, niko Hamburg, nafanya kazi. Nataka wazazi wangu waje kutoka Tanga wiki tatu mwezi wa sita. Naishi chumba kimoja, kwa hiyo watalala hoteli, na katikati ningependa tuwatembeze Amsterdam. Barua ya mwaliko niiandikeje, na hoteli nilipie kabla ya viza au baada?"

Mkuu, mimi nimewaleta wa kwangu kwa njia hiyo hiyo, nikiwa na chumba kidogo na wao wakilala hoteli mtaa wa pili. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja tu. Kazi kubwa iko kwenye kuhakikisha barua, hoteli, ndege, bima na maneno ya wazazi kwenye dirisha la viza vinasema jambo lile lile, tarehe kwa tarehe.

Anza na hati ya dhamana, ile inayoitwa Verpflichtungserklärung. Unaichukua ofisi ya wageni ya mji wako, ukiwa na hati za mshahara za miezi ya karibuni, mkataba wa kazi na mkataba wa pango. Ukishasaini, gharama zao za kuishi, malazi, matibabu na hata za kurudishwa kwao ni zako kisheria, na dhamana hiyo inaweza kukufuata hadi miaka 5. Ofisa akiuliza watalala wapi, mwambie wazi kuwa ni hoteli na wewe ndiye unayelipa. Miadi ya ofisi hizi huchelewa, kwa hiyo iombe mapema, ila usiisaini mapema mno, kwa sababu kwa kawaida ubalozi unataka iwe haijazidi miezi 6. Hati halisi itumwe Tanzania kwa mtu wa kuaminika au kampuni ya vifurushi. Nakala ya simu haitoshi.

Ukiwa na hati hiyo, barua haina tena kazi ya kuthibitisha fedha. Inabaki na mambo manne: wewe ni nani kwao, wanakuja lini na kwa nini, watalala wapi kila usiku, na nini kinawarudisha nyumbani.

Tuchukue safari yako. Tuseme wanatua Hamburg tarehe 7 Juni na wanaondoka tarehe 27. Hizo ni siku 21 lakini ni malazi ya usiku 20, na hapo ndipo wengi wanapotegwa. Hoteli ya Hamburg iwe tarehe 7 hadi 15, usiku 8. Amsterdam iwe 15 hadi 18, usiku 3. Kisha Hamburg tena, 18 hadi 27, usiku 9. Jumla 20, hakuna usiku unaoning'inia. Ndege ikiondoka Dar usiku wa tarehe 6, hoteli bado inaanza tarehe 7. Mgawanyo huo pia unajibu waombe ubalozi gani: maombi yanakwenda kwa nchi watakayokaa muda mrefu zaidi, nayo ni Ujerumani kwa usiku 17. Ungepanga Amsterdam wiki mbili, Wajerumani wangekuwa na haki ya kukwambia nenda kwa Waholanzi.

Ndani ya barua ratiba isizidi mistari mitano. Andika hivi, kwa Kijerumani au Kiingereza: tarehe 7 hadi 15 wazazi wangu watakaa hoteli fulani, anwani hii, dakika chache kwa miguu kutoka kwangu, kwa sababu nyumba yangu ina chumba kimoja, tarehe 15 tutakwenda Amsterdam kwa treni, nitakuwa nao, tarehe 18 tutarudi hoteli ile ile. Sababu ya hoteli iwemo, maana ofisa lazima atajiuliza kwa nini mtoto mwenye anwani mjini humo awalaze wazazi hotelini. Orodha ya makumbusho kila asubuhi na jioni usiiweke. Wazee hawatembei hivyo, na ofisa anajua. Kama wazazi ni watu wa swala, kumbuka pia kuwa Juni jua la Hamburg linazama karibu saa 4 usiku, basi wapangie asubuhi za taratibu.

Kuhusu kulipa: weka nafasi inayofutika bure, na tarehe ya mwisho ya kufuta iwe baada ya siku unayotarajia jibu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Majina ya wazazi wote wawili yawepo kwenye uthibitisho wa hoteli, herufi kwa herufi kama pasipoti. Jina lako peke yako halitoshi, kwa kuwa wewe si unayelala. Ndege vivyo hivyo: nafasi iliyoshikwa, tiketi ilipiwe viza ikitoka. Wako madalali wanaouza uthibitisho wa hoteli wa kughushi. Waepuke kabisa. Ubalozi unaweza kupiga simu hotelini, na ombi lililokataliwa linabaki kwenye mfumo wa viza wa Ulaya kwa miaka 5, nchi zote za Schengen zikiliona. Ada ya euro 90 kwa kila mmoja nayo hairudi.

Bima ianze tarehe 7, iishie 27 au baadaye, ifidie angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Bima ya Ujerumani peke yake itakukwamisha kwa sababu ya zile siku tatu za Uholanzi.

Kwenye kurudi, usiandike "naahidi watarudi". Andika kitu chenye karatasi nyuma yake: mzee anapokea pensheni ya PSSSF, mama ana duka lenye leseni, wana nyumba yenye hati. Angalia pia jina la mama kwenye cheti chako cha kuzaliwa cha RITA. Kama pasipoti yake ina jina la tatu tofauti, na kwetu hilo ni la kawaida sana, ambatisha hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Bila hivyo undugu wenu haujathibitika.

Sasa lililo gumu kuliko yote. Waandikie wazazi barua ya pili, ya Kiswahili, yenye ratiba ile ile. Mzee wa rafiki yangu aliulizwa dirishani atalala wapi, akajibu, "Kwa mwanangu, kwani ana nyumba." Karatasi zilisema hoteli, na viza ikakataliwa kwa maelezo kwamba madhumuni na mazingira ya safari hayakuthibitishwa. Yule mzee hakusema uongo. Kwake ilikuwa aibu kutamka kwamba mwanawe amempeleka hotelini. Kwa hiyo waeleze kwa adabu. Mimi niliandika: "Shikamooni wazazi wangu. Chumba changu ni kimoja, ngazi ni ndefu na bafu ni dogo. Sitaki baba alale kwenye kochi. Nimewachukulia chumba karibu nami, asubuhi nitakuja tunywe chai pamoja, na jioni tutakula kwangu." Baba alilipokea hilo vizuri kwa kuwa liliandikwa kama heshima kwake, na alipoulizwa alitaja hoteli bila kusita.

Viza ikitoka, nakala za barua, hoteli, bima na tiketi ya kurudi zikae kwenye mkoba wa mkononi wa mama, si kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Askari wa mpakani ana haki ya kuziomba upya, na anaziomba kabla hawajafika kwenye mizigo.